Kubisha hodi au kusema yote: barua pepe mbili za kumwalika mzungumzaji

Kila tunapotaka kumwalika mtu aje kuzungumza mbele ya walimu wenzetu hapa Lubumbashi, ubishi mdogo huzuka kabla hata barua haijaandikwa. Wako wanaosema kwamba mtu mwenye heshima zake hubishiwa hodi kwanza: anaandikiwa mistari mitatu, anaulizwa kama angependa kuja, na akishaitika ndipo anapoelezwa mada, wasikilizaji, tarehe na mambo ya pesa. Wengine, nami nimo, tunaona kwamba barua ya kwanza iwe na kila kitu ambacho mgeni anahitaji ili ajibu ndiyo au hapana bila kulazimika kuuliza swali hata moja. Namna zote mbili hutumika, lakini haziwafai watu wale wale, na tofauti yake hujitokeza zaidi mahali pawili, yaani kwenye sentensi ya pesa na kwenye mlango wa kukataa.

Nitazilinganisha kwa mwaliko mmoja. Sisi ni walimu 35 wa biolojia na jiografia wa shule za sekondari, na hukutana Jumamosi moja kila mwezi. Tulitaka mtafiti wa misitu anayeishi Likasi, mwendo wa kilomita 120 hivi kutoka hapa, aje kutueleza habari za makala, yaani mkaa wa kupikia, na misitu ya miombo. Mfuko wetu ulikuwa na dola 100 tu. Barua ilipaswa kutoka Jumatano tarehe 3 Septemba 2025, na mkutano ulikuwa Jumamosi tarehe 18 Oktoba, kwa hiyo tulikuwa na wiki sita na siku kadhaa.

Mwenzetu mmoja aliandika rasimu ya kubisha hodi, nayo ilikuwa hivi:

> Mama Profesa, pokea salamu zetu. Sisi ni kikundi cha walimu wa Lubumbashi, na tungefurahi sana kukupata kama mzungumzaji katika mmoja wa mikutano yetu ijayo, kuhusu mazingira. Je, ungekuwa tayari? Mengine tutazungumza baadaye.

Barua hii ina adabu na ni fupi, na mtu anaweza kuisoma akiwa amesimama barabarani akisubiri teksi. Ubaya wake ni kwamba haina kitu cha kujibiwa. Mtu aliyeulizwa kama yuko tayari kuzungumza siku isiyojulikana, kuhusu jambo lenye upana wa dunia nzima, mbele ya watu asiowajua, hana jibu la kweli isipokuwa kuuliza: ni lini, ni kuhusu nini hasa, na ni nani watakaonisikiliza? Hesabu ya siku ni rahisi kuifanya. Akijibu baada ya siku nne, nasi tukajibu baada ya mbili, kisha akauliza kuhusu safari kwa mwendo uleule, barua inayotaja pesa itamfikia katikati ya Septemba, wakati zimebaki chini ya wiki tano.

Hapo ndipo barua hii inapoleta madhara ambayo mwandishi wake hakuyakusudia. Mgeni huwa ameshasema ndiyo mara mbili: mara ya kwanza kwa mwaliko wenyewe, mara ya pili kwa tarehe. Anapoambiwa katika barua ya tatu kwamba hakuna malipo, kukataa kwake kutaonekana kama tamaa ya pesa, hata kama sababu yake ni ya haki kabisa, kwa mfano kwamba Jumamosi ndiyo siku anayofanya kazi nyingine inayomlisha. Wengi wakifikishwa hapo hawasemi hapana. Husema «nitawapigia», kisha simu hunyamaza. Mimi mwenyewe nilishawahi kumfikisha mtu hapo. Nilimbishia hodi mhadhiri mmoja, nikaacha neno la pesa likae mpaka barua ya tatu, naye akajitoa siku tisa kabla ya mkutano kwa ujumbe wa mstari mmoja. Nilimkasirikia kwa muda, mpaka niliposoma upya barua zangu nikaona kwamba sikuwa nimempa mahali popote pa kukataa kwa heshima.

Barua tuliyoituma mwishoni ni hii. Kichwa chake kilikuwa «Kuzungumza na walimu 35 kuhusu makala na miombo, Lubumbashi, 18 Oktoba 2025».

> Mama Profesa,
>
> Pokea salamu zetu. Sisi ni walimu 35 wa biolojia na jiografia wa shule za sekondari za Lubumbashi, na hukutana mara moja kwa mwezi ili kusaidiana katika masomo tunayofundisha. Tunakuomba uje kuzungumza nasi Jumamosi tarehe 18 Oktoba 2025, kuanzia saa nane mchana (14:00) hadi saa kumi (16:00), katika ukumbi wa shule mtaani Kamalondo.
>
> Mada tunayoipendekeza ni swali hili: je, mti wa miombo uliokatwa kwa ajili ya makala huchipua tena kutoka kwenye kisiki chake, na ni mambo gani yanayouzuia? Tumekufikiria wewe kwa sababu umeifanya kazi hiyo porini, si kwenye vitabu tu. Tungeomba maelezo ya dakika 45, kisha dakika 45 za maswali. Wasikilizaji wanaijua vizuri biolojia ya mimea, lakini wengi wao hawajawahi kuona tanuri la makala likipangwa. Mazungumzo yatakuwa kwa Kiswahili, na majina ya kitaalamu unaweza kuyataja kwa Kifaransa. Umeme wa mchana hauna uhakika, kwa hiyo tunakuomba usitegemee picha za projekta peke yake.
>
> Kuhusu pesa, tunasema wazi tangu sasa kwamba hatuna malipo ya mzungumzaji. Tutalipia nauli yako ya basi kutoka Likasi na kurudi, chakula cha mchana, na malazi ya usiku mmoja kwa kuwa mazungumzo yatamalizika jioni. Gharama hizo ni za mtu mmoja na hazitazidi dola 100. Nauli ya kuja tutakutumia kwa simu siku tatu kabla ya safari, pamoja na makato ya kuitoa.
>
> Ikiwa tarehe, mada au hali hii ya pesa haikufai, neno «hapana» linatosha, wala hutahitaji kutueleza sababu. Kama ungependa kuja lakini si siku hiyo, Jumamosi tarehe 22 Novemba pia iko wazi. Tunaomba jibu kabla ya Jumatatu tarehe 15 Septemba. Tusipolipata kufikia siku hiyo, tutaelewa kwamba haikuwezekana, na hatutakusumbua tena kwa mkutano huu.
>
> Kwa heshima,

Chini yake kulikuwa na jina la mmoja wetu, shule yake na nambari ya simu.

Ni barua ndefu, na hiyo ndiyo hoja kubwa ya wapinzani wake. Lakini urefu wake ni wa mara moja, ilhali ufupi wa ile nyingine hulipwa kwa barua nne au tano zinazofuata. Kichwa peke yake tayari kinasema nani, nini, wapi na lini, na kwa kuwa simu huonyesha maneno ya mwanzo tu, tuliyatanguliza yale yanayomhusu mgeni badala ya neno «Mwaliko» ambalo limo katika nusu ya barua anazozipokea. Maandishi yote yako katika mwili wa barua, si katika faili lililoambatishwa, kwa sababu mtu anayehesabu mega zake hafungui kiambatisho cha watu asiowajua. Kama mgeni ni mtumishi wa serikali au wa chuo kikuu, anaweza kuhitaji barua rasmi yenye muhuri ili aombe hati ya safari ya kikazi. Hiyo hutumwa baada ya kukubali, na katika barua ya kwanza inatosha kutaja kwamba iko tayari.

Katika mada, tofauti ya barua hizi mbili ni tofauti ya neno na swali. «Mazingira» ni neno, na mgeni akilipokea ataleta hotuba ileile aliyoitoa mahali pengine mwaka uliopita. Swali la kisiki linamwambia achukue nini na aache nini. Miti mikubwa ya miombo ina uwezo wa kuchipua tena kutoka kwenye visiki na mizizi, na kinachoukwamisha uchipuaji huo ni mara nyingi moto wa kila mwaka au shamba linalolimwa hapo hapo baada ya kukata. Mtafiti akilisoma swali letu anajua papo hapo kwamba tumeshafika kwenye kiini cha jambo, na kwamba hatakuja kutuambia kuwa kukata miti ni vibaya. Swali la namna hii pia humpa nafasi ya kusema «huyo si mimi, mimi nashughulika na bei ya makala sokoni», na jibu kama hilo huokoa miezi.

Saa inahitaji tahadhari yake hapa kwetu, kwa kuwa tunaishi na hesabu mbili kwa pamoja. Ukiandika «saa 8» kwa tarakimu, anayesoma kwa Kiswahili ataelewa saa nane mchana, na aliyezoea barua za Kifaransa atafika asubuhi kabla mlango haujafunguliwa. Tulishampata mgeni mmoja wa namna hiyo, akaketi chini ya mwembe wa shule kwa saa sita, na hadi leo tunamwonea haya. Andika saa kwa maneno, kisha tarakimu za saa 24 katika mabano. Kama mgeni atazungumza kwa video kutoka Kinshasa, taja pia saa ya kwake, kwa sababu Lubumbashi iko mbele ya Kinshasa kwa saa moja: saa nane yetu ni saa saba yao.

Sasa pesa. Anayeandika barua ya kubisha hodi huliahirisha jambo hili kwa kuona kwamba ni aibu kulitaja mapema, na anapolifikia hulifunika kwa maneno kama «tutaona namna», «hatutakuacha mikono mitupu» au «kutakuwa na bahasha ndogo». Kila moja ya kauli hizo husomwa kwa namna mbili. Mgeni mwenye matumaini husoma dola 200, na mgeni aliyekwisha kuumwa husoma sifuri, na wote wawili watakuwa wamepanga safari yao juu ya kitu ambacho hamkukisema. Hata neno «nauli» peke yake halina uhakika, kwa maana katika semina nyingi za mji huu watu hupewa pesa iitwayo ya usafiri, na kila mtu anajua kwamba inazidi bei ya basi. Ndiyo maana barua yetu ilitenganisha vitu viwili kwa sentensi mbili: malipo hayapo, na gharama zipo, hizi na hizi, mpaka kiwango hiki.

Kuna misimamo mitatu tu ya kweli kuhusu malipo, na kila mmoja una sentensi yake. Ule wetu ni wa kwanza. Wa pili ni wa kikundi chenye kiasi maalumu, ambacho huandika: «Tumetenga dola 150 kuwa malipo ya mzungumzaji, mbali na nauli na malazi.» Wa tatu ni wa aliye na bajeti ya kutosha lakini hajui bei ya mgeni, naye huandika: «Tunakuomba utuambie kiwango unachotoza kwa mazungumzo ya saa moja na nusu.» Msianguke katika kishawishi cha kutaja viwango viwili, kwa mfano kati ya dola 100 na 300, kwa sababu mgeni atakiona cha juu na mweka hazina wenu atakiona cha chini. Taja kimoja, au usitaje chochote na uulize.

Neno «mtu mmoja» katika barua yetu linaweza kuonekana kama ubahili. Lina sababu yake. Baadhi yetu hapa tunapomheshimu mtu humwandikia kwa wingi, «tunawaomba mje», kama anavyoheshimiwa mtu katika Kifaransa, na msomaji anaweza kudhani kwamba msaidizi na dereva wake nao wamealikwa. Sisi tulichagua kumwita kwa umoja na kuweka heshima katika cheo na katika salamu, lakini hata aliyechagua wingi anaweza kuendelea nao mradi aseme gharama ni za watu wangapi. Jambo jingine dogo ni sarafu. Ukiandika dola, toa dola safi: noti iliyochanika hata kidogo, na noti ya dola moja, hukataliwa madukani, na mgeni aliyepewa noti hizo atakuwa amelipwa karatasi. Ukipitisha pesa kwa simu, ongeza makato ya kutolea, la sivyo kiasi ulichoahidi hakitafika mkononi.

Mlango wa kukataa ndio sehemu ambayo watu huiandika kwa haraka zaidi, na nionavyo mimi ndiyo inayoamua kati ya barua hizi mbili. Katika barua ya kubisha hodi hauwezi kuwapo hata mwandishi akitaka, kwa sababu hakuna kilichotolewa ambacho mtu angeweza kukikataa. Anayemjibu mbisha hodi «hapana» anawakataa watu wenyewe. Anayeijibu barua kamili kwa «hapana» anaikataa tarehe, au mada, au hali ya pesa, na watu hubaki salama. Ndiyo maana sentensi yetu ilivitaja vitu hivyo vitatu kwa majina. Ilimpa mgeni mambo matatu ya kuyabebesha kukataa kwake, kisha ikamwondolea hata wajibu wa kusema ni lipi.

Kuna namna ya kuufungua mlango huo kupita kiasi. «Tunajua una kazi nyingi na huenda hutapata nafasi kwa watu wadogo kama sisi» si unyenyekevu, ni kumsukuma mgeni nje kabla hajaingia, na mwenye kazi nyingi kweli atashukuru na kutoka. Upande wa pili ni kuufunga kwa kufuli: «tafadhali usituangushe», au mbaya zaidi, «tumeshatangaza jina lako». Nimeiona sentensi hiyo katika mwaliko niliopewa mwenyewe, na nilikwenda huku nimenuna.

Wengine huongeza ombi kwamba asiyeweza kuja ataje mwenzake. Ni ombi zuri, lakini mahali pake ni baada ya mgeni kukataa, katika barua ya kumshukuru. Likiwekwa katika barua ya kwanza, humwambia mgeni kwamba mtu yeyote angetosha, na ile sentensi ya «tumekufikiria wewe kwa sababu» hupoteza nguvu yake. Sentensi ya ukimya nayo, inayosema kwamba kutojibu kutachukuliwa kuwa hapana, ina hatari moja, nayo ni barua kuangukia kwenye kikasha cha barua taka bila kuonekana. Siku ileile tulimtumia Mama Profesa ujumbe wa WhatsApp wa mstari mmoja, kwamba tumemwandikia barua pepe, bila kurudia mwaliko wenyewe, maana mwaliko uliorudiwa kwa simu hudai jibu la papo kwa papo na kuufunga ule mlango tulioufungua.

Zipo hali ambazo barua ya kubisha hodi ni bora, na sitazificha. Kama tarehe yenu bado haijapangwa na mnataka ifuate nafasi ya mgeni, barua kamili itakuwa ya uongo, kwa hiyo bisheni hodi, ila mtaje mada na hali ya pesa hata hapo. Kama mgeni hutoza malipo na ninyi mna pesa za mfadhili, swali la kiwango linaweza kutangulia. Na kama ni mzee wa mji, mtu ambaye kila mmoja humwita Papa na ambaye barua pepe yake husomwa na mwanawe, hodi yake hubishwa kwa miguu, mlangoni kwake, na barua pepe humfikia baadaye kama kumbukumbu ya mlichokubaliana. Nje ya hali hizo tatu, na hasa pale ambapo pesa ni kidogo au hakuna, ningetuma barua kamili.

Jibu la Mama Profesa lilifika tarehe 8 Septemba, na lilikuwa na mistari minne. Tarehe 18 Oktoba alikuwa porini na wanafunzi wake, kwa hiyo hapana. Tarehe 22 Novemba angeweza, ila mvua zitakuwa zimeanza na angependa kulala usiku wa kutangulia badala ya usiku wa baadaye. Angekuja na msaidizi wa kubeba visiki viwili vya kuonyesha, na nauli ya msaidizi huyo angeilipa mwenyewe. Tulimjibu siku ileile kwamba usiku umebadilishwa, kwamba bado ni usiku mmoja na dola 100 zilezile, na kwamba mwalimu mmoja atamngoja kituoni na mkokoteni kwa ajili ya visiki.